Nukuu Iko Dakika ya Ngapi?

(Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya waandishi wa habari, watayarishaji wa vipindi vya redio na wakusanyaji wa masimulizi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Mwenyekiti, wakubwa wetu wa kazi mlioketi mbele, wenzangu nyote, hamjambo? Itifaki imezingatiwa. Wengine wenu mmetoka Rongai na Kitengela, na foleni ya asubuhi mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawamaliza kwa salamu.

Nianze na swali. Una rekodi ya mahojiano ya saa mbili na nusu. Saa tisa alasiri mhariri anakupigia simu: anataka sekunde arobaini za mahojiano hayo ziingie kwenye taarifa ya saa moja jioni. Unakumbuka vizuri kwamba mzee yule alisema neno zito. Unakumbuka alivyokuwa ameketi aliposema. Sasa niambieni, alilisema dakika ya ngapi?

Mnacheka kwa sababu mmeshakaa kwenye kiti hicho. Unafungua faili, unavuta ule mstari mbele, unasikiliza kidogo, unaurudisha nyuma, unasikiliza tena, na saa kumi na moja inakukuta bado unasikia habari za ndoa ya kwanza ya mzee. Wengine mnaniambia, "Lakini mimi nina nakala, niliinukuu yote." Vema. Neno umelipata ukurasa wa kumi na tisa. Ukurasa wa kumi na tisa uko dakika ya ngapi ya sauti? Nakala isiyo na saa inakuambia kwamba jambo lilisemwa. Haikuambii uende wapi ukalisikie.

Leo nazungumzia nakala yenye alama za muda, ile ambayo kila kipande cha maneno kimeandikiwa saa, dakika na sekunde yake. Nitaeleza jinsi ya kuhakikisha saa hizo zinasema kweli, jinsi ya kutafuta ndani yake, na kwa nini baada ya kupata lazima urudi kwenye sauti. Nitatembea na mfano mmoja mkubwa: mahojiano na dereva mstaafu wa garimoshi, mkazi wa mtaa wa Makongeni, ambaye jina lake nitaliacha nyumbani kwake. Tumwite Mzee. Rekodi yake ni ya saa mbili na dakika thelathini na nane.

Tuanze na saa.

Nakala nyingi tunazopata sasa zinatoka kwenye programu za unukuzi, na kwa kawaida zinakuja kama faili ya SRT, ile ile inayotumika kuweka maandishi chini ya video. Ukiifungua kwa programu yoyote ya maandishi, unaona vipande kama hivi:

```
618
01:22:44,300 --> 01:22:49,100
Mwaka huo sisi tulikuwa bado tuko Nakuru.
```

Namba ya juu ni ya kipande. Mstari wa pili ni pale kinapoanza na pale kinapoishia, na baada ya mkato ni sehemu za elfu za sekunde. Mstari wa tatu ni maneno. Hakuna siri nyingine. Ukinukuu kwa mkono, weka saa kila msemaji anapobadilika, halafu weka nyingine angalau kila sekunde thelathini mtu anapoendelea kusema. Ukiweka saa pale tu msemaji anapobadilika, utaona kilichompata mwenzetu mmoja aliyemhoji bibi mmoja wa Kangemi. Bibi aliulizwa swali moja tu na akajibu kwa dakika saba bila kuvuta pumzi. Dakika saba, na alama moja tu ya saa juu yake! Hapo umerudi kule kule kwa kuvuta mstari mbele na nyuma.

Lakini kuwa na saa hakutoshi. Je, saa hizo ni za faili gani? Swali hili ndilo linalowaangusha watu wengi, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo.

Vinasa sauti vingi hukata faili inapofika ukubwa fulani, na GB 2 ni kikomo cha kawaida. Ukirekodi WAV ya stirio, kHz 48 na biti 24, GB 2 zinajaa baada ya saa mbili na dakika nne hivi. Kinasa hakisimami. Kinafungua faili ya pili na kuendelea, nawe huna habari. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee. Faili ya kwanza iliishia 02:04:16, na ya pili ikaanza upya kwenye sifuri. Kila faili ilinukuliwa peke yake. Kwa hiyo kuna 00:11:20 mbili katika mahojiano yale: moja Mzee anaeleza alivyoajiriwa kijana mdogo, nyingine amechoka, chai imeshaletwa, mazungumzo yanaelekea ukingoni. Ukiandika kwenye daftari "nukuu nzuri, 00:11:20" bila jina la faili, umeandika nini? Hujaandika kitu. Ama uandike jina la faili kila mara, ama ujumlishe: 02:04:16 ukiongeza 00:11:20 unapata 02:15:36 ya mahojiano yote. Mimi huandika vyote viwili.

Kuna saa nyingine tena, ile ya daftari. Wengi wetu tukihoji huandika pembeni: "saa 4:50, kasema kuhusu injini." Hiyo ni saa ya ukutani, tena ya Kiswahili. Kinasa chako kinaandika 10:50, kwa sababu kinafuata ile hesabu nyingine. Ukijua rekodi ilianza saa nne na dakika kumi na mbili, ile ya saa nne na dakika hamsini ni dakika ya thelathini na nane ya sauti. Nenda 00:38:00 na utamkuta. Ila kama mlisimamisha kinasa wakati wa chai, toa muda wa chai, la sivyo utapita mbali. Ndiyo maana nawasihi mkianza kurekodi mseme saa kwa sauti, na mkisimamisha mkarudi, mseme tena.

Halafu kuna anayeharibu saa baada ya kazi nzuri. Nakala imekamilika, saa zote ziko sawa, kisha mtu wa studio anaona kwamba mwanzoni mwa rekodi kuna sekunde arobaini za viti kuburutwa na mbwa wa jirani. Anazikata na kuhifadhi faili juu ya ile ya zamani. Amefanya usafi. Amefanya pia kila saa kwenye nakala iwe mbele kwa sekunde arobaini. Faili iliyonukuliwa haiguswi, wenzangu. Ukitaka kukata, kata kopi yake.

Utajuaje kama saa zako zimeharibika? Chagua mistari mitatu: mmoja karibu na mwanzo, mmoja katikati, mmoja karibu na mwisho. Cheza sauti kwenye saa zilizoandikwa. Katika VLC unabonyeza `Ctrl+T`, unaandika saa, inakupeleka. Sasa sikiliza kosa lenyewe lilivyo, kwa sababu kosa linasema limetoka wapi. Mistari yote mitatu ikikosea kwa kiasi kile kile, mtu amekata au ameongeza kitu mwanzoni. Jumlisha au toa, umemaliza. Kosa likianza dogo na kukua kadiri unavyoelekea mwisho, tatizo liko kwenye faili ya sauti yenyewe. Mara nyingi ni MP3 iliyobanwa kwa kiwango kinachopandashuka, ambayo baadhi ya programu hukisia tu mahali pa kuruka. Igeuze iwe WAV kisha upime tena. Mwanzo ukiwa sawa, katikati sawa, mwisho ukawa umeruka ghafla, tafuta mahali kinasa kilipokatika au kuzimwa.

Haya, saa zimekaa sawa. Sasa tutafute.

Mhariri alitaka maneno ya Mzee kuhusu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanyika, kila nchi ikachukua lake. Kijana aliyepewa kazi hiyo akafungua nakala, akaandika 1977 kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakuna. Sifuri. Akasema Mzee hakuligusia.

Hakuligusia? Mzee wa reli, saa mbili na dakika thelathini na nane, asiguse mwaka ule? Ulizeni Mkenya yeyote mwaka aliozaliwa, msikie anavyoujibu. Mara "sabini na saba", mara kwa Kiingereza kwa mafungu mawili, mara "mwaka ule Jumuiya ilipokufa". Programu nayo inaandika inavyosikia: pengine 77, pengine maneno, pengine Kiingereza chake. Kijana alipotafuta `77`, akatafuta "sabini na saba", akatafuta "Jumuiya", akasoma na mistari ya jirani, akapata mahali patatu: 00:31:10, 01:22:44, na kwenye faili ya pili 00:11:20, ambayo tumekwisha kuona kwamba ni 02:15:36.

Majina ya mahali na ya vitu ni mabaya zaidi. Mzee alisifu sana injini moja ya mvuke, zile Garratt kubwa za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima. Yake ya moyoni ilikuwa Mount Gelai, namba 5918, ambayo hadi leo mnaweza kwenda kuitazama katika Makumbusho ya Reli hapa hapa Nairobi. Tafuta "Gelai" kwenye nakala. Hakuna hata moja. Tafuta "mlima". Hiyo hapo: programu imeandika "mlima jela" kila mahali! Ndiyo kusema, jina likikataa, tafuta jirani yake, lile neno la kawaida linaloambatana nalo ambalo mashine haiwezi kulikosa.

Sasa niwape jambo ambalo miongozo ya kizungu haitawapa, kwa kuwa shida hii ni yetu. Kiswahili kinabeba mambo yote ndani ya kitenzi. Mwenzetu alikuwa na mahojiano marefu na vijana wa mjengo huko Embakasi, waliofanya kazi kwa mkandarasi mmoja na mwisho wa mwezi wakaona vumbi. Alitaka kila mahali walipotaja malipo. Ukitafuta "kulipwa" unapata machache, kwa sababu wao wanasema hatukulipwa, tungelipwa, walitulipa, hawajatulipa. Basi unasema, nitatafuta mzizi: "lip". Jaribuni mwone. Unapata alipofika, walipokuja, tulipokuwa, alipanda, alipata, walipanga. Nakala yote inawaka manjano! Ukiongeza herufi moja, "lipa", bado alipata na alipanda wamo. Dawa ni kutafuta vipande viwili: "lipw", ambacho hakiingiliani na mengi, na "lipa" inapokuwa mwisho wa neno tu. Anayetumia laini ya amri, yaani kuiagiza kompyuta kwa maandishi, anaandika hivi:

```
grep -n -i -E "lipw|lipa\b|malipo|mshahara" mjengo.srt
```

Ile `\b` inamaanisha neno liishie hapo. Namba za mistari zinatoka upande wa kushoto, na saa iko mstari mmoja juu ya maneno. Ukiongeza `-B 1` kwenye amri itakuonyesha na saa yenyewe. Asiyependa amri, programu za kuandikia zina kitufe cha "neno zima", lakini kitufe hicho hakikufai hapa, maana "walitulipa" ni neno moja zima na "lipa" limo mkiani. Tafuta "lipa" ikifuatwa na nafasi, kisha "lipa" ikifuatwa na nukta, kisha mkato. Ni kazi ya dakika mbili.

Nimesema jinsi ya kupata mada. Lakini mada na nukuu ni kitu kimoja? Hapana. Turudi kwa Mzee na zile saa zake tatu.

Pale 00:31:10 anataja mwaka 1977 na kueleza nani alihamishiwa wapi. Ni taarifa. Unaweza kuisema wewe mwenyewe kwa sentensi moja bila kumsumbua. Pale 01:22:44 anasimulia alivyokuwa Nakuru habari zilipofika. Ni kisa kizuri, lakini kinachukua dakika nne na kina majina mengi ya wenzake. Pale 02:15:36 aliyemhoji amemuuliza jambo jingine kabisa, amemuuliza kama watoto wake walipenda treni. Mzee anacheka, anakunywa chai, kisha anasema: "Tulilala tukiwa watu wa reli moja ya nchi tatu. Tukaamka, kila mtu anaulizwa wa kwao wapi." Sekunde ishirini na mbili pamoja na pumzi. Hiyo ndiyo nukuu.

Mnaona ilikokuwa? Haikuwa kwenye jibu la swali la 1977. Watu hujibu kwanza, na baadaye, swali likiwa limepita, ndipo husema walichokuwa wanataka kusema. Kwa hiyo ukipata mada mahali patatu, anza na pa mwisho. Hiyo si kanuni ya kitabuni, ni tabia niliyoiona kwa watu wengi niliowasikiliza, hasa wazee.

Na kama hata mada hujui? Umepewa nakala ya mahojiano usiyoyafanya, unaambiwa "tutolee vipande vizuri". Hapo tafuta maneno ambayo mtu huyasema anapokaribia kusema jambo lake: "ukweli ni kwamba", "wacha nikwambie", "kusema kweli", "siwezi kusahau", "mpaka leo", "mimi kama mimi". Kila mtu ana lake. Mzee wetu alikuwa anasema "sasa wewe sikia". Soma kurasa tatu za kwanza ulijue la mtu wako, kisha ulitafute kote. Katika nakala ya Mzee "sasa wewe sikia" ilipatikana mara chache tu, na karibu kila mara kilichofuata kilistahili kusikilizwa.

Kisha zitazame saa zenyewe, achana na maneno. Hapa ndipo nakala yenye saa inapoipita nakala nyingine yoyote. Tukizungumza kwa kawaida tunasema maneno kama mawili kwa sekunde, pengine zaidi kidogo. Ukikuta kipande cha sekunde tisa chenye maneno manne, kuna kitu kimetokea pale. Amenyamaza, amecheka, ameshindwa kusema. Mistari ya maandishi haitakuonyesha hilo, lakini saa zinakuonyesha. Vivyo hivyo pengo likiwa refu kati ya mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kinachofuata. Angalizo moja: programu nyingine huvuta mwisho wa kipande hadi uguse kinachofuata, na mapengo yote yanatoweka, kwa hiyo hesabu ya maneno kwa sekunde ndiyo ya kutegemea zaidi. Angalizo la pili: kwenye ukimya mrefu baadhi ya programu huandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema, au hurudia mstari uleule mara tatu. Ukiona mstari umerudiwarudiwa na saa zinasonga, usimnukuu mtu. Nenda ukasikilize ule ukimya.

Hapo ndipo tunafika kwenye kurudi.

Nisikilizeni vizuri: nakala ni ya kutafutia. Kunukuu kunatoka kwenye sauti. Kwenye sauti, kwenye sauti, kwenye sauti.

Wale vijana wa mjengo, mmoja wao katika nakala anasema: "Mwezi wa tatu tukalipwa." Wazi kabisa, hata herufi moja haijakosewa. Mhariri akaanza kuuliza, kumbe walilipwa, sasa wanalalamika nini? Mwenzetu akarudi kwenye sauti. Kijana alisema "hatukulipwa". Lori lilipita nyuma yake, likameza silabi ya kwanza, na mashine ikaunda neno lililo sahihi kisarufi na la uongo kabisa. Mara nyingi Kiswahili kinakanusha kwa silabi moja mwanzoni mwa neno, pale pale ambapo mtu ndio kwanza anafungua mdomo na sauti bado iko chini. Nikapewa na sikupewa, tukaambiwa na hatukuambiwa. Na huku Nairobi tumeongeza yetu: "si walikuja", ambayo maana yake ni kwamba walikuja, wewe wajua. Mtu akiisoma kwenye karatasi bila kusikia sauti anaweza kuielewa kinyume. Kwa hiyo kila nukuu yenye kitenzi cha kukanusha, au ambayo maana yake ingegeuka kikiwa cha kukanusha, sikiliza kwa hedifoni mara mbili. Si kwa spika ya simu.

Mzee naye ana sentensi pale 00:47:05: "Zamu ya usiku ilikuwa raha tupu." Soma hivyo ilivyo. Mtu anaipenda kazi yake, sivyo? Sasa isikilize. Ameivuta ile "raha" mpaka karibu ikatike, na aliyekuwa akimhoji anacheka kabla hajamaliza. Alikuwa anakejeli. Ukiichapa bila kusema hivyo, umemsingizia.

Ukishafika kwenye saa yako, usianze pale pale. Rudi nyuma nusu dakika na uende mbele nusu dakika. Unatafuta nini huko nyuma? Swali. Mtu akisema "ningewasamehe wote", ni muhimu sana kujua kama aliulizwa "unawasamehe?" au "kama wangekuja leo kukuomba radhi, ungefanyaje?" Na unatafuta nini mbele? Kama alijirekebisha. Watu hujirekebisha: "siyo watatu, walikuwa wawili." Marekebisho hayo huwa sekunde kumi baada ya nukuu yako nzuri, na nakala imeyaweka kwenye kipande kingine ambacho hukukisoma.

Kuna jambo jingine linalokaa huko nyuma, nalo ni zito kuliko yote. Mama mmoja, katikati ya mahojiano, aliomba: "Hii usiweke." Akaeleza jambo la familia kwa dakika sita, kisha wakaendelea na mengine, kinasa kikiwa bado kinarekodi. Miezi ikapita. Mtu mwingine ofisini akafungua nakala, akatafuta neno, akatua moja kwa moja ndani ya zile dakika sita. Angejuaje? Utafutaji unakurusha hadi kwenye sentensi, huoni mlango ulioupita. Bahati nzuri aliyehoji alikuwa ameweka alama, na si alama moja juu tu. Aliandika neno MARUFUKU mwanzoni mwa kila kipande kuanzia ombi lilipotolewa hadi mama aliposema "haya, tuendelee". Popote unapotua, unaliona. Fanyeni hivyo siku ile ile ya mahojiano, kabla ya kulala, kwa sababu baada ya wiki hata wewe hutakumbuka mpaka ulikuwa wapi.

Ukiridhika na nukuu, iandikie anwani yake. Mimi huandika mstari mmoja kwenye faili ya maandishi ya kawaida, na huu hapa wa Mzee kama ulivyo:

```
mzee_reli_02.wav | 00:11:20-00:11:42 | jumla 02:15:36 | "Tulilala tukiwa..." hadi "...wa kwao wapi" | kikombe 00:11:34
```

Jina la faili, mwanzo na mwisho, saa ya jumla, maneno ya kwanza na ya mwisho. Maneno hayo ni bima: hata saa zikiharibika siku moja, mtu atatafuta "tulilala" na kupafikia. Na kikombe? Pale sekunde ya thelathini na nne Mzee anakigonga kwenye kisosi, katikati ya sentensi. Kwa gazeti hilo si kitu. Kwa redio mhariri alihitaji kulijua kabla ya kuamua, naye aliamua kukiacha kikombe kilie, uamuzi ambao mimi naukubali. Kukata kipande chenyewe ni amri moja ya programu ya ffmpeg, na faili kuu haiguswi:

```
ffmpeg -i mzee_reli_02.wav -ss 00:11:19 -to 00:11:43 -c copy nukuu_1977.wav
```

Mmeona nimeongeza sekunde moja kila upande. Ni ya pumzi. Sauti iliyokatwa pale hasa neno linapoanza husikika kama mtu aliyesukumwa jukwaani, na fundi wa studio hawezi kukurudishia pumzi ambayo hukumpa.

Kabla sijakaa, dada mmoja alinisimamisha pale mlangoni akaniuliza: afanyeje asiye na programu, asiye na mtu wa kunukuu, na mahojiano yake ni ya Kiswahili, Kikamba na Sheng kwa pamoja? Swali la haki. Kunukuu kwa mkono saa moja ya sauti kunakula saa nne hadi sita, na mchanganyiko wa lugha unaifanya mashine iandike vioja. Basi usinukuu yote. Sikiliza mara moja tu, bila kusimamisha, na kila dakika mbili andika saa na maneno machache ya kinachosemwa: "00:14:00, mama mkwe, shamba la Machakos." Ukisikia kitu kinachokugusa, andika saa kamili hadi sekunde, maneno matatu ya kwanza kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, na uweke nyota. Saa moja ya sauti inakuchukua saa moja na kidogo. Kisha nukuu kwa ukamilifu zile zenye nyota tu, dakika moja kabla na dakika moja baada. Kwa kazi nyingi za redio hiyo inatosha, na mhariri akipiga simu saa tisa una la kumjibu.

Mwenyekiti, maswali mengine nayapokea sasa. Naona kuna mkono kule nyuma karibu na dirisha.